Jumanne ya Sheryl

Ndugu yangu Mose Ombui huzima simu yake Ijumaa jua linapozama, na haiwashi tena hadi Jumamosi jua lizame. Ameizima hivyo tangu alipoimiliki ya kwanza, ile ya tochi. Mvua inyeshe, ng'ombe azae, kituo cha kununua majani ya chai kihamishwe, Mose hataki kujua mpaka Sabato iishe. Mimi nilizaliwa katika nyumba hiyohiyo, tukafundishwa sala zilezile, lakini nikaolewa na Mkatoliki wa Marani, nikaanza kusali Jumapili. Hadi leo Mose akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ni dada yangu Esnah, mwalimu mstaafu, alipotea kidogo." Mimi hucheka. Ningekasirika kila mara ningekuwa nimeshazikwa.

Basi Sabato ile ya mwisho wa Agosti nilikuwa kanisani kwao Gesima, nimealikwa kwa ajili ya shukrani ya ukuta mpya. Niliketi nyuma, karibu na mlango, simu yangu ikiwa mkobani. Sisi wa Jumapili hatuzimi. Katikati ya wimbo mkoba ukaanza kutetemeka. Nikauacha. Ukatetemeka tena, na tena. Nilipochungulia nikaona ni Linda, binti ya Mose, aliye Minnesota kule Amerika akisomea uuguzi. Kwao bado kulikuwa giza kabisa. Mtoto hapigi simu saa kama hiyo kuuliza hali ya hewa. Nikatoka, nikasimama nyuma ya kanisa kwenye migomba.

Linda alikuwa analia. Ilibidi nimwambie avute pumzi kwanza kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa darasa la kwanza. Nilichokusanya ni hiki. Muhula ulikuwa umeanza wiki ile. Ratiba ya mafunzo ya wodini ilipotoka, jina lake lilikuwa katika kundi la Jumamosi: kila Jumamosi kutwa nzima hospitalini, hadi Desemba. Akampigia baba yake. Mose hakufikiri hata kwa muda wa kumeza mate. Akamwambia aliache somo hilo, Mungu atafungua mlango mwingine. Linda akaingia kwenye mtandao wa chuo, akabonyeza, somo likatoka. Jambo la dakika moja.

Ijumaa jioni ya kwao akaitwa na mshauri wa wanafunzi wa kigeni, mama mmoja anayeitwa Bi. Halvorson. Huko masomo hupimwa kwa krediti, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza ili ahesabiwe kuwa anasoma muda kamili lazima awe na krediti kumi na mbili kila muhula. Somo la wodini lilikuwa na krediti nne. Linda alikuwa amebaki na nane. Kwa kubonyeza mara moja alikuwa amejifanya mwanafunzi wa nusu muda, na mwanafunzi wa nusu muda mwenye viza ya kusoma ni mtu asiye na pa kukanyaga.

"Anti, nimejaribu kumpigia Tata usiku kucha," alisema, yaani baba yake. "Simu imezimwa."

Hapo ndipo niliposikia, kupitia ukuta ule mpya, sauti ya ndugu yangu ikinguruma ndani ya kanisa. Alikuwa amesimama kutoa ushuhuda. Alikuwa anawaeleza waumini jinsi binti yake alivyowekewa masomo siku ya Bwana katika nchi ya watu, naye bila kutetemeka akayaacha. Kanisa zima likasema Amina. Nilimwambia Linda asikate tamaa, nikarudi kwenye kiti changu, na huko nikakuta akina mama wakinishika mkono na kunipongeza kwa kuwa na mpwa shujaa. Nilipokea pongezi. Ningefanya nini?

Chakula cha mchana kilikuwa kimepikwa tangu Ijumaa, kama desturi yao: matoke na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Nilingoja Mose ashibe. Habari mbaya kwa mtu mwenye njaa ni mbaya mara mbili. Kisha nikamweleza yeye na mkewe Nyakerario, kwa Kigusii, polepole.

Mose aliuliza swali ambalo ningeliuliza mimi pia kama nisingekuwa nimelielewa dakika chache kabla. Kwani nusu muda si bado ni kusoma? Mtu akipunguza somo moja ameua nani?

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Kwanza ni viza. Serikali ya huko ilimruhusu Linda aingie ili asome muda kamili, na chuo hulazimika kuripoti kila muhula kama anafanya hivyo. Akishuka chini ya kumi na mbili bila idhini ya mshauri, anakuwa amevunja sharti la kukaa kwake, hata kama karatasi ya viza kwenye pasipoti bado ina miaka. Na idhini hiyo hutolewa kabla ya kuacha somo, siyo baada. Pili ni ufadhili. Chuo ndicho kinachomlipia sehemu kubwa ya karo, na mkataba wa ufadhili huo unasema muda kamili. Tatu ni chumba. Hosteli anayolala ni ya wanafunzi wa muda kamili tu. Hata kazi yake ndogo ya kuosha vyombo pale chuoni ingekwenda na hayo mengine, kwa sababu anaifanya kwa ruhusa ileile ya mwanafunzi.

"Kwa hiyo amefukuzwa?" Nyakerario aliuliza. Kijiko kilikuwa kimesimama hewani.

Bado, nikasema. Wiki hizi za mwanzo wanafunzi huruhusiwa kubadilisha masomo, na mlango huo ulikuwa unafungwa Jumatano. Akirudi kwenye kumi na mbili kabla ya hapo, itakuwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalikuwa bado ukingoni mwa ndoo.

Nyakerario, mama wa watu, alitafuta njia ya mkato. Aliuliza kama hakuna sababu zinazokubaliwa. Nikamwambia zipo, na Bi. Halvorson alimsomea Linda zote: ugonjwa uliothibitishwa na daktari, kupata shida ya lugha au ya mtindo wa kufundisha mwanzoni, kuwekwa katika somo lisilolingana na kiwango chako, au kuwa katika muhula wa mwisho wa kumaliza. Sabato haimo. Basi Nyakerario akasema ana binamu daktari hapa Kisii mjini, na mtoto anaweza kuumwa na kichwa kama mtu mwingine yeyote.

"Hapana," Mose alisema. "Siwezi kushika amri ya nne kwa kuvunja ya tisa."

Nikamwambia kwa Wakatoliki ni ya tatu na ya nane. Aliniangalia kwa jicho ambalo lingechemsha maziwa.

Nilijaribu lingine. Nikamkumbusha kwamba hospitali za kanisa lake mwenyewe zina wauguzi Jumamosi, na hakuna mgonjwa anayeambiwa asubiri jua lizame ndipo abadilishiwe bendeji. Akajibu kwamba kuokoa mtu ni jambo moja na kwenda kutafuta alama za mtihani ni jambo lingine, na kwamba ikiwa kuna siku sita nyingine, mtu atafute humo. Nakiri lilikuwa jibu zuri. Ila yeye mwenyewe hakuwa ametafuta humo.

Lazima niseme kwa nini ndugu yangu ni mgumu hivi, la sivyo utamwona mjinga, naye si mjinga. Sisi wawili tulikwenda chuo cha ualimu mwaka uleule. Mtihani wake mmoja uliwekwa Jumamosi. Hakuufanya. Hakumwambia mkuu wa chuo neno, alikunja godoro lake akarudi Gesima, na amechuma chai tangu siku ile. Mimi nikawa mwalimu, nina pensheni. Yeye ana mgongo unaouma na kikapu. Nimempenda kwa uamuzi ule na nimemkasirikia kwa uamuzi uleule, yote kwa pamoja, kwa miaka mingi. Linda alikuwa ndiye chuo chake cha pili. Alipopata nafasi Amerika, Mose alitembea siku nzima akitabasamu peke yake kati ya mistari ya chai.

Jua lilipozama aliwasha simu. Ilitoa mlio mfululizo wa simu za Linda zilizokosa kupokelewa, na nikaona uso wake ukibadilika kila mlio. Akampigia, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie.

Linda alikuwa ametulia. Alikuwa amejaribu kila kitu. Kulikuwa na somo la lishe la krediti nne mtandaoni, lakini tayari alikuwa na somo moja la mtandaoni, na kwa mwenye viza kama yake ni moja tu linalohesabiwa katika zile kumi na mbili. Masomo mengine ya darasani yalijaa, au hayakuwa sehemu ya shahada yake, kwa hiyo hayangemsaidia. Na somo la wodini lenyewe hufundishwa mara moja kwa mwaka. Akilikosa sasa, hata kama angenusurika hayo mengine, angebaki nyuma mwaka mzima.

Kisha akataja jambo moja zaidi. Bi. Halvorson alimuuliza kama alikuwa amewaomba wabadilishe siku yake.

"Ukasemaje?" Mose aliuliza.

"Nilisema hapana, Tata. Sikujua kwamba huwa inaombwa."

Wodi moja ilikuwa na makundi mawili, la Jumamosi na la Jumanne, wanafunzi wanane kila moja. Mratibu wa mafunzo alikuwa amemjibu Linda asubuhi hiyo: chuo hakina shida na mtu kuomba siku nyingine kwa sababu ya dini yake, kina fomu kabisa ya jambo hilo. Shida ni kwamba la Jumanne limejaa na hospitali haikubali mwanafunzi wa tisa. Nafasi ya Linda ya Jumamosi ilikuwa bado wazi. Mtu mmoja wa Jumanne akikubali kuhamia Jumamosi, Linda ataingia mahali pake, na mambo yamekwisha. Jumanne yake yote ilikuwa huru.

"Na katika hao wanane hakuna mtu mwenye roho?" Nyakerario aliuliza.

Linda alisita. Alisema yupo, na amekubali, kwanza anaipendelea Jumamosi kwa sababu Jumatatu usiku huwa anafanya kazi maktaba na kuamka alfajiri ya Jumanne kunamuua. Ila amekatazwa na baba yake kugusa ratiba bila yeye kusema ndiyo. Anaitwa Sheryl. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini, upande wa Daraja Mbili.

Mose alifumba macho. Hakuhitaji kuambiwa jina, lakini Linda alilitaja hata hivyo. Ni Odero.

Sasa sikiliza kuhusu Odero. Huyu ni Mjaluo aliyekuja mjini kwetu akiwa kijana, akauza misumari kwa kilo hadi akawa na duka lenye lori. Kanisa la Mose lilipokuwa linajenga ule ukuta, simiti ilinunuliwa kwake. Lori liliharibika njiani siku ya Ijumaa, likafika Gesima Jumamosi saa nne, watu wakiwa katikati ya ibada. Mose, mzee wa kanisa, akatoka nje akamwambia dereva kwamba hapa hakuna kupakua leo. Dereva akamwomba angalau aweke mifuko chini ya paa. Mose akasema hata mfuko mmoja. Dereva akageuza, lori halikuwa na turubai, na mvua ya Gesima unaijua, haipigi hodi. Simiti ile ilifika mjini ikiwa mawe. Odero alileta nyingine wiki iliyofuata, siku ya Jumatatu, bila kusema neno, na tangu siku ile Mose akipita mbele ya lile duka huvuka barabara. Kuomba radhi hakuwahi. Alisema hawezi kuomba radhi kwa kushika amri.

"Tutakwenda kesho," Nyakerario alisema.

"Kesho ni Jumapili," Mose akasema. "Odero atakuwa kanisani kwake, na duka limefungwa. Siku ya mwenzako nayo iheshimiwe."

Nilimtazama ndugu yangu kwa mshangao mzuri. Hilo neno sikulitarajia litoke kinywani mwake, na nadhani hata yeye hakulitarajia.

Jumatatu nilimkuta stendi ya Kisii akiwa amevaa koti lake la Sabato, begani amebeba mkungu wa ndizi. Nikamuuliza ndizi za nini. Akasema mtu haendi kwa mwenye duka mikono mitupu. Nikamwambia Odero atadhani anauziwa. Hakucheka.

Odero alikuwa nyuma ya kaunta, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alituona, akaziona ndizi, akaendelea kumhudumia mteja wa mabati bila haraka yoyote. Alijua tumekuja kwa nini; binti yake alikuwa amemweleza. Alituacha tusimame pale mpaka mteja wa mwisho akaondoka, kisha akatuletea viti viwili vya plastiki kwa mikono yake mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kile kiti cha Mose kilikuwa kifupi kweli.

"Mzee wa kanisa," Odero alianza. "Leo ni Jumatatu. Naruhusiwa kukupokea?"

Mose aliweka ndizi chini. Nilidhani ataanza na habari za Linda. Hakuanza nazo.

"Odero, ile simiti," alisema. "Sabato ningeishika hata kama ningemwachia dereva wako paa. Paa halikuwa kazi. Nilikukosea, na nilijua siku ileile."

Odero alivua miwani akaifuta kwa shati. Nilimwona akitafuta maneno ya kejeli aliyokuwa ameyaweka akiba, na nikaona hayapati. Alisema tu kwamba yamepita. Halafu, bila kuulizwa, akatueleza kwa nini amemkataza Sheryl kugusa ratiba. Kijana wake mkubwa alikwenda huko miaka ya nyuma. Masomo yakamlemea, akaacha moja ili apumue, asimwambie mtu yeyote ofisini. Alidhani ni kama hapa, kwamba somo utalirudia ukipenda. Muhula uliofuata akakuta ufadhili umesimamishwa na chumba kimepewa mwingine, na chuo kimeshamripoti kwamba hasomi muda kamili. Alirudi nyumbani na sanduku moja.

"Mtoto mwerevu, Mwalimu," aliniambia mimi. "Angeingia tu ile ofisi aseme amechoka, wangemwonyesha njia. Hakuuliza. Kwa hiyo mimi sasa nauliza kila kitu. Huyu wangu akihama siku, atabaki na masomo yake yote?"

Nilisema atabaki. Akasema ananiheshimu sana lakini anataka kusikia kutoka kwa mwenye ofisi. Sikuchukia. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ilipofika saa kumi na moja jioni, kule ikiwa asubuhi ofisi zimefunguliwa, tulimpigia Linda. Alikuwa ameketi ofisini kwa Bi. Halvorson, na Sheryl kando yake. Tuliweka simu juu ya kaunta, kati ya mizani na kopo la misumari, na wateja wawili waliokuja kununua bawaba wakaamua bawaba zinaweza kungoja.

Bi. Halvorson alikuwa na sauti ya mtu anayepanda maua. Kwanza alisema sheria haimruhusu kuzungumza habari za mwanafunzi na mtu mwingine, hata mzazi, mpaka mwanafunzi mwenyewe akubali. Linda akasema anakubali. Sheryl akasema anakubali. Odero akanong'ona kwamba hii ndiyo ofisi aliyokuwa anaitafuta. Nikawa natafsiri Kiingereza kile chenye pua kwa ajili ya ndugu yangu.

Odero aliuliza swali lake. Mama yule akajibu bila kusitasita: Sheryl ana krediti kumi na tatu, akihama kutoka Jumanne hadi Jumamosi atabaki na kumi na tatu, maana somo ni lilelile, siku tu ndiyo inayobadilika. Viza haiguswi, ufadhili hauguswi, chumba hakiguswi. Linda akisajiliwa tena leo atarudi kwenye kumi na mbili, naye ataripoti muhula huu kama kawaida, muda kamili.

"Na ile dakika aliyokuwa na nane?" nikauliza kwa niaba ya Mose, ambaye alikuwa amenishika kiwiko.

Bi. Halvorson alisema ndiyo maana kuna siku hizi za kubadilisha masomo. Kinachohesabiwa ni anavyokuwa zikifungwa. Kisha akawaambia wasichana, kwa upole lakini kwa uzito, kwamba wasiache somo hata moja tena kabla ya kupita kwake. Hata wakiwa na uhakika. Hasa wakiwa na uhakika.

Nilitafsiri hilo la mwisho mara mbili, la pili nikimtazama ndugu yangu.

Odero akaangalia simu, akaangalia ndizi. Akamwuliza binti yake kwa Kijaluo kama anaitaka Jumamosi hiyo kweli au anaona aibu kukataa. Sheryl akajibu kwa Kiswahili, ili sote tuelewe.

"Baba, mimi naitaka tangu zamani. Jumanne nimempa. Mwache achukue kabla sijabadilisha nia."

Odero akacheka hadi tumbo likagonga kaunta. Akasema ndiyo. Kwa upande wa pili tukasikia vidole vikigonga kompyuta, halafu Linda akisema jina lake limetokea. Kumi na mbili. Alilisema neno hilo kwa Kigusii, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, na wale wateja wa bawaba wakapiga makofi ingawa sidhani walijua ni kwa nini.

Mose hakupiga makofi. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti kifupi, mikono magotini, machozi yanashuka bila yeye kuyazuia.

"Esnah," aliniambia kwa Kigusii. "Pale chuoni, unafikiri kulikuwa na siku nyingine?"

Sikujua. Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa akasema hata yeye hajui, na hilo ndilo linalomuuma, kwamba angeweza kuuliza tu. Nikamshika mkono. Kuuliza si ujinga, nimeliandika ubaoni mara ngapi sijui, na ndugu yangu mwenyewe hakuwa darasani. Odero hakuelewa tulichosema, lakini alielewa vya kutosha. Aliagiza soda, na hakutaka kusikia habari ya malipo.

Sabato iliyofuata nilikwenda tena Gesima, safari hii bila kualikwa. Nisingekosa hata kwa harusi. Mose alikuwa amemwambia mchungaji kwamba ana ushuhuda wa kurekebisha, na aliomba apewe nafasi kipindi cha alasiri. Saa nane na nusu akasimama mbele.

Aliwaambia waumini kwamba wiki iliyopita aliwaeleza nusu ya habari, akakubali Amina ya habari nzima. Akawaeleza yote: nane na kumi na mbili, viza, karo, chumba. Aliwaambia wazazi wenye watoto vyuoni, huku au ng'ambo, wasiwaamuru kuacha somo kutoka shambani, bali wawaambie waulize ofisini kwanza. Kisha akasema kwamba Linda atapumzika leo na kuingia kanisani kwake huko, kwa sababu kuna mtu anafanya kazi mahali pake.

"Saa hii hii kwao kunapambazuka," alisema. "Binti anayeitwa Sheryl, wa Odero wa Daraja Mbili, anaingia wodini. Si wa kanisa letu. Naomba tusimame tumwombee."

Mzee mmoja wa mbele, Nyamongo, alinyanyua mkono na kuuliza kwa heshima kama ni sawa kuombea kazi ya mtu siku ya Sabato. Mose alisema wagonjwa wanaoamka kule leo hawajui ni siku gani, wanataka maji tu. Nyamongo akafikiri, akasimama wa kwanza.

Walimwombea. Walimwombea kwa Kigusii, kwa jina lake na la baba yake, wakamwombea miguu isichoke na mkono wa sindano usitetemeke. Mimi Mkatoliki nilikuwa nyuma nikilia kama mtu aliyekata vitunguu.

Baada ya ibada Mose alinijia pale mlangoni. Akatazama kulia na kushoto, kama mtoto anayetaka sukari.

"Simu yako imewashwa?"

Nikamwambia anajua imewashwa. Akaniomba nimwandikie Odero kwamba wamemwombea binti yake. Yeye mwenyewe hawezi kushika simu, jua bado. Nikaandika. Jibu halikuchelewa, nikamsomea neno kwa neno, pale kando ya ule ukuta wa simiti ya Odero.

"Amina. Kesho ni zamu yangu, nitamwombea Linda misani. Mwambie mzee bado nina mifuko kumi ya kumalizia sakafu yenu, zawadi. Nililete lori siku gani?"

Mose alicheka. Alicheka akiwa amevaa koti la Sabato, mabega yakipanda na kushuka, hata mkewe akatoka ndani kuja kuona kulikoni.

"Mwambie alete siku yoyote," alisema, akipangusa macho. "Akija Jumamosi, paa tutamfungulia."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatuma.